Nilipunguza mara ya kwanza ikawa poa, mara ya pili imeharibika. Nimekosea wapi?

Kadzo_Gede

Salam wanajamvi, habari za jioni. Mimi natembeza wageni pale magofu ya mji wa kale wa Gede, na mara nyingi napata wanafunzi wa shule za huku Malindi, Watamu mpaka Kilifi. Sasa nimeombwa niandike brosha ya Kiswahili ya kuwapa hao watoto, ile karatasi moja inayokunjwa mara tatu. Nikaandika kila ninachosema nikiwa natembea nao, ikafika maneno 1,400. Nikaambiwa ni mengi, punguza. Nikakaa jioni moja nikapunguza mpaka 1,010 na wallahi ilipendeza kuliko mwanzo, mpaka nikajishangaa.

Wiki iliyopita nikaambiwa tena bado, karatasi haitoshi, mwisho ni 600. Nikafanya vilevile nilivyofanya mwanzo, neno hapa neno pale, usiku tatu nzima, nimefika 720 na sioni tena pa kukata. Na kibaya zaidi nilimpa mtoto wa kaka yangu asome, yuko gredi ya saba na ni msomaji mzuri, nikamuuliza kwa nini watu walihama Gede. Akanijibu, "Shangazi, walichimba kisima sana mpaka maji yakaisha."

Mimi sikuandika hivyo. Nimerudia kusoma naona kila kitu kipo. Sasa nauliza, mbona mara ya kwanza kukata kulisaidia na mara ya pili kwa njia ileile kumeharibu?

Kijana_wa_Shela

Dada si upunguze fonti tu, weka 9 halafu punguza nafasi za pembeni, hata maneno 1,000 yanaingia. Mimi assignment zangu zote hufanya hivo.

Kadzo_Gede

@Kijana_wa_Shela asante lakini hii mtoto anaisoma akiwa amesimama chini ya miti, jua linapenya penya, mwenzake anamvuta shati. Fonti ndogo hataisoma kabisa. Halafu shida si karatasi tu, ni huyo mtoto kuelewa kinyume.

Msoma_Taarifa

Mimi nimefanya redio miaka kadhaa huku pwani, nikuambie siri ya kukata. Sentensi fupi siku zote ni bora kuliko ndefu. Toa "kwa hiyo", toa "hata hivyo", toa "ndiyo maana", hayo yote ni mapambo. Na ukiambiwa punguza tena, kata kutoka mwisho kwenda juu, maanake jambo kubwa huwa juu na madogo madogo yako chini. Dakika tano umemaliza, huna haja ya kulala macho.

BiMtepe

Kadzo mwanangu, kabla hujakata kingine chochote tuwekee hapa hiyo sehemu ya kisima, ilivyokuwa kwenye zile 1,010 na ilivyo sasa. Na kama bado unayo ya kwanza kabisa weka sentensi moja yoyote uliyoipunguza ukaona imependeza. Nimehariri magazeti na vitabu vya shule zaidi ya miaka 20 na ugonjwa huu nimeuona sana lakini nataka kuona kidonda chenyewe.

Kadzo_Gede

Shikamoo Bi. Nimeweka hapa.

Hii ndiyo niliyoifurahia mara ya kwanza. Ilikuwa hivi:

"Katika kipindi cha mwaka wa 1948 ndipo zoezi la kufanya uchimbaji wa magofu hayo lilipoanza kutekelezwa chini ya usimamizi wa mwanaakiolojia ambaye alikuwa anaitwa James Kirkman."

Ikawa:

"Uchimbaji wa magofu ulianza 1948 chini ya mwanaakiolojia James Kirkman."

Na ya kisima, kwenye zile 1,010:

"Kisima kilicho kando ya msikiti huo kiliongezwa kina, na hiyo ni dalili kwamba maji yalikuwa yakishuka chini. Maji yakishuka, kila kisima mjini kinaanza kukauka, ndiyo maana maji huhesabiwa kati ya sababu za watu kuhama."

Sasa hivi iko:

"Kisima cha msikiti kiliongezwa kina. Maji yalishuka. Watu walihama."

BiMtepe

Marahaba. Haya sasa tazama pamoja nami, maana kila kitu kiko hapo.

Ile ya Kirkman ilikuwa maneno 26 ikawa 10. Ulitoa nini? "Katika kipindi cha mwaka wa", "zoezi la kufanya uchimbaji", "lilipoanza kutekelezwa", "ambaye alikuwa anaitwa". Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa limebeba kitu. Ni maneno ya ofisini, tunayaandika kwa sababu tumeyasikia kwenye hotuba. Mtu akisoma ya maneno 10 anapata kilekile alichokipata kwenye 26, na anakipata upesi. Ndiyo maana ilipendeza.

Ya kisima ilikuwa 34 ikawa 9. Ulitoa nini hapo? "Na hiyo ni dalili kwamba". "Maji yakishuka". "Ndiyo maana". "Kati ya sababu". Haya hayakuwa ya ofisini hata kidogo. "Dalili kwamba" ndiyo inayomwambia mtoto kwamba maji yalishuka kwanza na watu wakachimba wakiyafuata. Ulipoitoa, zikabaki sentensi tatu zimepangana, na mtoto akafanya kile mtu yeyote anachofanya akikuta mambo yamepangana: la kwanza akalifanya sababu ya la pili, na la pili sababu ya la tatu. Kisima kiliongezwa kina, basi maji yakashuka, basi watu wakahama. Kasoma vizuri sana huyo mtoto. Kasoma kilichoandikwa.

Na tazama ulichopoteza kingine. "Kati ya sababu" nayo imekwenda. Mwanzo ulisema maji ni sababu moja miongoni mwa nyingine, sasa umesema ni maji basi. Hiyo ni habari tofauti, si habari fupi.

Shida si kwamba umechoka au hujui. Raundi ya kwanza uliwinda maneno yasiyobeba kitu ukayapata, mengi, maneno 390 kwa jioni moja. Raundi ya pili ukarudi porini kuwinda mnyama yuleyule na alikuwa ameshakwisha. Jicho lako likawa bado linatafuta maneno madogo madogo ya kutoa, na maneno madogo yaliyobaki ni hayo yanayoshikanisha. Hayo hayana uzito ukiyaangalia moja moja, kwa hiyo yanaonekana kama yale ya mwanzo. Ndiyo maana ulitumia usiku tatu kupata 290. Kukata kukiwa kugumu hivyo ujue unakata nyama.

Kwa hiyo ukiambiwa punguza tena, maneno yaache. Raundi ya pili toa jambo zima. Aya nzima iondoke, na zile zinazobaki zibaki na viungo vyake.

Msoma_Taarifa

Bi kwa heshima, lakini mimi nimesema sentensi fupi ni bora na redioni inafanya kazi, msikilizaji hawezi kurudia nyuma.

BiMtepe

@Msoma_Taarifa una haki kwenye redio kwa sehemu, kwa sababu redioni una sauti. Ukisoma "maji yalishuka" ukanyanyua sauti kidogo ukanyamaza, msikilizaji anajua hii ndiyo sababu. Karatasi haina sauti, ile kazi sauti inafanya inafanywa na "ndiyo maana". Na sikusema sentensi ziwe ndefu. Nimesema kiungo kisitolewe.

Kukata kutoka mwisho nako kunategemea ilivyoandikwa. Habari ya gazeti mwandishi anajua mapema kwamba ukurasa ukijaa mkia utakatwa, kwa hiyo anapanga kubwa juu ndogo chini. Brosha ya Kadzo haikupangwa hivyo. Kadzo, aya ya mwisho yako inasema nini?

Kadzo_Gede

Kwa nini watu walihama Bi. Hiyo ndiyo huwa nawasubirisha mpaka mwisho wa matembezi.

BiMtepe

Umeona. Ukikata mkia unakata kichwa.

Malenga_wa_Langoni

Assalamu alaykum. Naona bibi yangu BiMtepe yuko hapa, nami nina yangu yaliyonipata Lamu mwaka jana yanafanana na haya.

Nilitunga utenzi wa harusi ya binti ya ndugu yangu, beti 120. Wakaniambia maalim ni mrefu mno, fanya 60. Kisha siku yenyewe wakaniambia wageni wamechelewa kwa boti, fanya 30. Sasa nyinyi watu wa nathari mnayo raundi ya kwanza ya kutoa maneno, sisi hatuna hata hiyo. Kila mshororo ni mizani 8. Chukua mfano "nyumba njema si mlango", hesabu, ni 8 kamili. Toa "njema" uone, zimebaki 6, mshororo umelemaa na kila mzee aliyekaa barazani ameusikia. Kwa hiyo siku zote natoa ubeti mzima, hakuna njia nyingine, labda utunge upya.

Na nikwambie yambo moya Kadzo, usidhani kutoa kipande kizima ni salama. Utenzi mishororo mitatu ina vina vyake na wa nne una kina kimoya kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa hiyo ukitoa beti katikati sikio halisikii mahali palipokatwa. Mimi nikadanganyika na hilo. Nilitoa ubeti uliomtaja nyanya wa bibi harusi kwa jina, ubeti uliofuata ukaanza "naye akamuusia". Nikasoma mbele ya watu, wakawa wanaulizana ni nani aliyeusia, na nyanya mwenyewe alikuwa amekaa pale pale mbele. Hilo liliniuma mpaka leo, maana ule ubeti niliutunga kwa ajili yake.

BiMtepe

Maalim pole sana, na umetaja jambo ambalo ningelisahau kulisema. Raundi ya kwanza makosa yake huonekana palepale, kwenye sentensi uliyoigusa. Raundi ya pili makosa hayako ulipokata, yako aya mbili mbele. Nitalirudia tukishajua Kadzo anatoa zipi.

Kadzo, sasa fanya hivi. Ile ya 720 iweke pembeni usiiguse tena. Rudi kwenye 1,010. Andika kila aya ni ya nini kwa maneno matatu manne na ina maneno mangapi.

Kadzo_Gede

Bi nianze upya? Usiku tatu zote zile zimekwenda bure?

BiMtepe

Mwanangu najua inauma. Lakini ile 720 viungo vyake vimeshatoka, ukitoa aya kutoka humo utabaki na kifupi kisichoeleweka. Kurudishia viungo kimoja kimoja utachukua muda kuliko kuanzia 1,010. Ndiyo maana ninasema kila raundi ihifadhi kopi yake.

Kadzo_Gede

Sawa Bi, kopi ninayo kwenye simu. Hizi hapa:

Utangulizi, safari ya kutoka Malindi kuja Gede, msitu, nyani: 110
Mji ulianza lini na uliachwa lini: 120
Msikiti mkuu: 140
Kaburi lenye tarehe: 90
Ikulu na nyumba: 150
Vitu vilivyochimbuliwa (vyombo vya China, shanga, mkasi): 130
Visima na maji: 120
Kwa nini watu walihama: 150

Jumla 1,010. Na zote nazipenda.

Juma_Silversands

Kadzo ningekuwa mimi ningetoa kidogo kwa kila moja, yaani kila aya ichangie 50, hakuna anayeonewa.

BiMtepe

@Juma_Silversands hapo ndipo alipotoka sasa hivi baba. Kila aya kuchangia kidogo ndiko kulikofanya kila aya iwe na pengo. Aya nane zenye mapengo, mtoto hakuelewa hata moja vizuri. Afadhali nne anazozielewa.

Kadzo sikuulizi unapenda ipi. Nakuuliza, huyo mtoto ameshika karatasi, amesimama wapi? Anaona nini kwa macho yake?

Kadzo_Gede

Amesimama ndani ya magofu Bi. Anaona msikiti, kuta zipo, kibla kipo. Anaona ikulu, anaona milango ya matao, nyumba zina vibao. Vile vitu vilivyochimbuliwa viko kwenye makumbusho ndogo palepale langoni, na mimi mwenyewe huwaeleza Nyumba ya Mkasi iliitwa hivyo kwa sababu ndani yake ulipatikana mkasi, hilo huwa wanalipenda mno. Safari ya kutoka Malindi ni kilomita 15 hivi, ameshaisafiri asubuhi hiyo hiyo.

Aaah.

Bi nimeona. Utangulizi hauna kazi, ameshafika. Msikiti, nyumba na vitu anaviona na mimi nipo namwambia. Asichokiona ni maji yaliyoshuka chini ya ardhi, na watu walioondoka. Na mwaka.

BiMtepe

Hesabu sasa.

Kadzo_Gede

110 + 140 + 150 + 130 ni 530. Kwenye 1,010 inabaki 480.

Bi nimepata 480! Na sijagusa neno.

BiMtepe

Na kikomo chako ni 600. Una maneno 120 mkononi. Ndiyo tofauti yenyewe. Mara ile ya pili ulikuwa unalipa kila mahali na bado unadaiwa, sasa umelipa kwa mkupuo na una chenji. Hiyo chenji irudishie sehemu ya maji. Mwache mtoto apate "dalili kwamba" yake, na kama unaweza mwongezee sentensi moja ya kumwonyesha dalili hiyo ni dalili vipi.

Malenga_wa_Langoni

Bibi yangu hapa mimi sikubali. Mji wa Waswahili utauelezaje bila msikiti? Watoto hao wengine hawajui kwamba huu ulikuwa mji wa watu kama wao, wataona mawe tu. Kuta wataziona lakini kwamba watu waliswali humo Ijumaa, hilo halionekani kwa macho. Nyumba za Gede toa, msikiti usiutoe.

Kadzo_Gede

Maalim umenigusa, maana hata mimi nikifika pale msikitini huwa natulia kidogo kabla sijasema.

BiMtepe

Maalim una hoja na sitashindana nawe. Lakini tazama, kisima chenyewe kiko kando ya msikiti. Msikiti unaweza kuingia kwenye brosha kupitia kisima, kwa sentensi moja, watu walioteka maji pale ya kutawadhia. Aya ya 140 inaondoka, msikiti haujaondoka.

Malenga_wa_Langoni

Sentensi moya. Haya. Si kidogo lakini si vya kutosha.

Juma_Silversands

Mimi nina swali lingine sasa. Kama kukata aya nzima ndiyo dawa, kwa nini asifanye hivyo tangu mwanzo? Zile aya nne alizozitupa leo alizipiga msasa raundi ya kwanza, jioni nzima imepotea kusafisha kitu cha kutupwa. Mimi nafanya kazi ya kuandika ripoti za ufadhili, siku zote natupa vipande vikubwa kwanza, halafu ndio nasafisha maneno kwenye kilichobaki.

BiMtepe

Ukijua kikomo tangu siku ya kwanza, Juma, nafanya kama wewe. Kadzo hakujua, aliambiwa punguza tu, na mara ya pili ndipo akapewa 600. Wengi wetu hupunguza kwa kuamriwa mara mbili, kila mara na mtu mwingine.

Lakini kuna jingine. Ile ya 1,400 ungemwambia aorodheshe aya zake asingeweza. Mambo yalikuwa yamefunikwa na "zoezi la kutekeleza" kila mahali, aya moja ina mambo matatu na jambo moja limegawanyika aya mbili. Kusafisha maneno ndiko kulikomwezesha leo kusema hii ni ya msikiti ina 140. Nimeona waandishi wakitupa vipande vikubwa kabla hawajasafisha wakatupa kisichopaswa, kwa sababu kilikuwa kimezikwa.

Juma_Silversands

Hapo sijakubali Bi. Anayeijua mada yake anajua kilichozikwa kiko wapi. Mimi naona ni muda tu unapotea.

Msoma_Taarifa

Mimi naungana na Juma hapo.

BiMtepe

Basi tuache hapo kila mtu na njia yake, kwa Kadzo imeshapita.

Kadzo, turudi kwenye jambo la maalim, "naye akamuusia". Umetoa aya nne. Soma zilizobaki kama mtu asiyewahi kuziona hizo nne, na kila ukikutana na "hicho", "huyo", "hayo", "tuliyoitaja", simama uulize kinaelekeza wapi. Kiswahili kina hatari hii zaidi maana hata kitenzi kinabeba. "Kilichimbwa" peke yake kinamdai msomaji akumbuke kisima, na kama kisima kilitajwa kwenye aya iliyotoka, ki- inaning'inia hewani, au mbaya zaidi inashika kitu kingine cha ngeli hiyohiyo. Inaweza kushika kibla, inaweza kushika kibao, na sentensi ikaonekana nzima kabisa.

Pia angalia majina na hesabu. Jina la mtu lilitambulishwa wapi mara ya kwanza. Na kama uliahidi "sababu tatu" hakikisha bado ni tatu.

Kadzo_Gede

Bi subiri nisome.

...

Nimekuta mambo matatu. Aya ya visima inaanza "Kisima kilicho kando ya msikiti huo", na "huo" haupo tena, msikiti ulikuwa aya iliyotoka. Kirkman nilimtambulisha kwenye aya ya vitu vilivyochimbuliwa, sasa kwenye aya ya kuhama anatokea tu "Kirkman aliona kwamba" na mtoto hamjui ni nani. Na aya ya kuhama inasema "kama tulivyoona, mji huu ulikuwa tajiri", wakati utajiri ulikuwa kwenye vyombo vya China ambavyo nimevitoa.

Hilo la tatu ndilo linanisumbua. Bila utajiri mtu hataona ajabu ya watu kuuacha.

BiMtepe

Vizuri sana, hilo la tatu si la kurekebisha neno, ni la kurudisha jambo. Unayo chenji. Ukitoa aya nzima mara nyingine unakuta kijiti kimoja ndani yake kilikuwa kinashikilia paa la chumba kingine. Kirudishe hicho kijiti tu.

Kijana_wa_Shela

Samahani nimesoma yote sasa. Kwa hiyo assignment yangu lecturer aliposema imekuwa nzito kusoma, sio fonti? Nilikuwa nimetoa maneno yote ya kuunganisha ili iingie kurasa tano.

BiMtepe

Inawezekana ni hilo kijana wangu. Iweke hapa aya moja tuione, lakini fungua uzi wako.

Kadzo_Gede

Nimerudi, nililala na hii kazi asubuhi nikaimalizia. Iko 594. Aya ya maji sasa ni hivi:

"Mbele yako ni msikiti mkuu, na kando yake kisima walichoteka maji ya kutawadhia. Kisima hiki kilichimbwa, halafu baadaye kikaongezwa kina. Watu hawaongezi kina kisima chenye maji ya kutosha, kwa hiyo hii ni dalili kwamba maji yalikuwa yameshuka na wao wakayafuata chini. Mji ulikuwa na visima vingi, na maji yakishuka yanashuka kwa wote. Ndiyo maana maji huhesabiwa kati ya sababu za watu kuhama."

Na utajiri nimeurudisha kwa sentensi moja mwanzoni mwa aya ya kuhama: "Watu waliokula kwenye vyombo vilivyotoka China hawakuondoka kwa sababu ya ufukara." Vyombo wanaviona langoni wanapoingia.

Kirkman nimemwandika "James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapa 1948", basi.

Nimempa mtoto wa kaka tena. Nimemuuliza swali lilelile. Amesema maji yalishuka wakachimba zaidi, halafu akataja pia vita na kushambuliwa na makundi kutoka nje. Akaniuliza, "Shangazi, nani alikuwa wa kwanza kuondoka?" Hilo sina jibu lake na wala halimo kwenye brosha.

BiMtepe

Mtoto akiuliza swali ambalo halimo ujue yaliyomo ameyapata.

Juma_Silversands

Safi Kadzo. Lakini hilo kaburi la maneno 90 bado lipo? Naona ungelitoa ungerudisha Wareno, maana walikaa Malindi miaka mingi baada ya Vasco da Gama kufika 1498 na kwenye maandishi yao hawautaji huu mji, kilomita 15 tu. Hilo ni ajabu kuliko kaburi.

Kadzo_Gede

Hilo kaburi nimepigana nalo Juma. Wataliona kwa macho, kwa kanuni ya Bi lingetoka. Lakini maandishi yake ni ya Kiarabu, 802 Hijria ambayo ni 1399, na watoto wengi hawawezi kuyasoma, wanapita wakidhani ni jiwe. Hiyo ndiyo tarehe pekee pale iliyoandikwa na watu wenyewe wa wakati ule kwa mkono wao. Nikiitoa, mtoto anabaki na miaka tuliyokadiria sisi. La Wareno huwa nawasimulia kwa mdomo tukiwa tunatoka.

Malenga_wa_Langoni

Kaburi liache, umefanya vyema. Hilo Juma asikutoe.

Lakini la msikiti bado sijaridhika binti yangu. Umesema maji ya kutawadhia, nimeona, nimeshukuru. Una maneno 6 yamebaki kufika 600. Nipe hayo sita.

Kadzo_Gede

Maalim niambie ni yapi, nayaweka.

Malenga_wa_Langoni

Baada ya "maji ya kutawadhia" ongeza "kila siku, vizazi kwa vizazi, humu". Hesabu.

Kadzo_Gede

Kila, siku, vizazi, kwa, vizazi, humu. Sita kamili. Nimeweka maalim, inakwenda kwa mchapaji kesho.